Potasiamu Isiyopanda na Madini Mawili Tusiyoyapima

"Daktari, chupa mnamwekea kila siku, mbona mnasema damu ni ile ile?"

Mke wa mgonjwa aliuliza swali ambalo sisi tulipaswa kujiuliza. Mumewe, mnywaji wa gongo wa miaka mingi, alikuwa ameharisha wiki tano. Potasiamu yake kwenye damu ilikuwa chini, 2.6. Baada ya siku tatu za dripu ya potasiamu ikawa 2.7. Mikono ilimtetemeka, misuli ya vigimbi ikambana usiku, nasi tukasema ni arosto ya pombe.

Hatukuwa tumepima magnesiamu. Fomu yetu ya maabara ina sodiamu, potasiamu na kloridi. Magnesiamu na fosfeti lazima uziandike kwa mkono. Naona hilo ni kosa kwa mgonjwa wa aina hii. Kuhara humwaga magnesiamu chooni, pombe huifanya figo iimwage kwenye mkojo, na mlevi hali vya kutosha kuirudisha. Ndani ya figo, magnesiamu ndiyo inayobana njia za kutokea potasiamu. Ikipungua, njia hubaki wazi, na potasiamu unayomwekea inaishia kwenye mkojo.

Tulipopima, ilikuwa 0.4, wakati kawaida huanzia karibu 0.7. Usitulizwe sana na jibu zuri pia: damu ina takriban asilimia 1 tu ya magnesiamu ya mwili, kwa hiyo akiba inaweza kuwa imekwisha huku kipimo kikionekana salama.

Dawa ilikuwa wodi ya wazazi, magnesiamu salfeti ile ile ya kifafa cha mimba. Vidonge vingemzidishia kuhara. Tulihakikisha figo zinafanya kazi, tukampa gramu 4 polepole kwa saa 12, kwa siku kadhaa, maana ukiikimbiza figo huitupa nyingi. Kila mara tulimgonga goti kuona kama magnesiamu imezidi: likiacha kuruka, au pumzi ikipungua, dripu inafungwa. Siku ya pili potasiamu ilifika 3.4.

Ndugu wakafurahi, wakaleta ugali na uji wa sukari. Hapo ndipo fosfeti hutega. Mtu aliyekaa na njaa akipata wanga kwa wingi, insulini hupanda na kuisukuma fosfeti iliyobaki iingie kwenye seli. Bila fosfeti misuli haina nguvu, hata ile ya kupumulia. Ndiyo maana hali huweza kuharibika siku ya pili hadi ya nne, mgonjwa akiwa ameanza kula vizuri.

Fosfeti yake ilikuwa imeshuka hadi 0.45, na kikombe kilimshinda kukishika. Ingeshuka chini ya 0.3, au angeanza kuhema, angehitaji fosfeti ya mshipani, na sisi hatuna, tungempa rufaa. Vitamini B1 alishapata kabla ya glukosi yoyote. Tukapunguza uji, tukampa mtindi na dagaa kidogo kidogo, maana maziwa matupu yangemrudisha chooni, na damu tukapima kila asubuhi.

Siku ya sita alimwambia mkewe aweke kikombe mezani, atakichukua mwenyewe.