Beselaini ya milioni nne kwa mradi wa milioni kumi na tano

“Kikundi chetu kimepata milioni 15 za kuchanja kuku wa kienyeji dhidi ya mdondo kwa mwaka mmoja. Kijiji kina kaya 300. Mfadhili anataka jedwali la viashiria, beselaini, malengo na vyanzo vya takwimu. Mshauri ametutajia milioni 4 kwa beselaini peke yake. Kuna ulazima?”

Mfadhili ana hoja, tena nzito. Mradi ukifika mwisho bila hali ya awali, kinachobaki ni kumuuliza mfugaji zamani kulikuwaje. Naye, akiwa ameshachanjiwa mara tatu na watu wanaomwita mama na shikamoo juu, atakwambia zamani kuku walikuwa wanakwisha wote. Anashukuru tu, hadanganyi, ila shukrani haijazi safu ya beselaini.

Upande wa pili ni hesabu. Mshauri atachukua sampuli. Kwa kaya 300, sampuli ya kaya 73 hivi zilizochaguliwa bila upendeleo inakupa jibu linaloweza kupotoka kwa pointi 10 za asilimia juu au chini. Mwishoni atachukua sampuli nyingine, nayo ina mpotoko wake. Ukilinganisha hizo mbili, tofauti yoyote isiyofika pointi 14 inaweza kuwa bahati ya kaya zilizoangukiwa na kura. Sasa tazama malengo ya miradi midogo: “kutoka asilimia 40 hadi 50.” Lengo la namna hiyo huwezi kuthibitisha kwamba limefikiwa, wala kwamba halikufikiwa. Milioni 4 zitakuwa zimenunua namba mbili zisizoweza kusemeshana.

Na huu mradi hauhitaji sampuli kabisa. Mchanjaji anaingia kila nyumba. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 inatolewa kwa tone moja kwenye jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kwa hiyo lazima awashike mmoja mmoja alfajiri kabla hawajafunguliwa, au jioni wakishalala. Kuku wanahesabika hata asipotaka kuhesabu. Mzunguko wa kwanza wenyewe ndio beselaini, mradi maswali yaulizwe kabla ya tone la kwanza na yaandikwe kwenye daftari palepale bandani.

Swali gumu ni nini cha kuandika. Karibu kila jedwali nililoona la miradi ya kuku lina kiashiria cha “wastani wa kuku kwa kaya.” Kinavutia, lakini chukua nyumba moja. Januari ina kuku 14. Mei ina 17. Katikati wameanguliwa 11, watatu wameuzwa, mmoja kaliwa na wageni, wawili wamebebwa na mwewe, wawili wamekufa. Chanjo imegusa wapi hapo? Kaya iliyouza kuku sita kulipa ada ya shule, ambayo ndiyo iliyofaidika zaidi, ingeonekana imerudi nyuma.

“Idadi ya kuku waliokufa” nayo ina ugonjwa wake. Kuku wanakufa kwa ndui, kwa homa ya matumbo, kwa kuhara damu, na chanjo ya mdondo haizuii hata kimoja kati ya hivyo. Tena kumbukumbu ya kifaranga mmoja aliyekufa miezi mitatu iliyopita haipo kwa mtu yeyote.

Lakini mdondo hauui kifaranga mmoja mmoja. Ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unalifagia: kuharisha kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda, na ndani ya siku chache wamebaki wawili. Mwaka aliofagiliwa banda, mfugaji anaukumbuka kama anavyokumbuka mwaka wa njaa. Kwa hiyo kiashiria ningekiandika hivi: idadi ya kaya zilizopoteza zaidi ya nusu ya kuku wao kwa ugonjwa ndani ya wiki mbili, wakati wowote katika miezi 12 iliyopita. Miezi 12 ni makusudi. Mdondo una msimu wake. Ukipima beselaini mara baada ya msimu huo na tathmini kabla haujafika, utaona mafanikio ambayo hata kijiji kisichochanja kingeyaona.

Hapa ndipo upande wa mfadhili unaporudi na nguvu, na sina jibu la kuunyamazisha. Mdondo hauji kwa ukali uleule kila mwaka. Mara nyingi kikundi kinaomba fedha kwa sababu mwaka uliopita ulikuwa mbaya, kwa hiyo beselaini yako ni mwaka mbaya, na mwaka unaofuata ungekuwa na nafuu hata bila wewe. Beselaini ya milioni 4 katika kijiji kimoja haitibu hilo. Kinachosaidia kidogo ni kumwuliza afisa mifugo wa kata kama vijiji jirani visivyochanja vilipigwa mwaka huu, na kuandika jibu lake kando ya takwimu zenu. Kama navyo vilisalimika, semeni hivyo kwenye ripoti.

Kiashiria cha pili ni kuku waliochanjwa kwa kila 100 waliokutwa. Chanzo chake ni daftari la mchanjaji, na daftari hilo lina mwenyewe. Mchanjaji akilipwa kwa kila kuku, kuku wataongezeka kwenye karatasi. Mwambie arudishe chupa tupu: dozi zilizofunguliwa haziwezi kuwa chache kuliko kuku waliochanjwa. Halafu mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kumi siku inayofuata na kuuliza swali moja tu, “jana walishikwa kuku wangapi?” Kazi ya asubuhi moja.

Cha tatu ndicho ninachokipenda zaidi: kaya zinazolipia chanjo zenyewe. Hapa watu hujaza beselaini “0” bila kuuliza. Kuna sifuri ya kujua na sifuri ya kutojua, na kwenye jedwali zinafanana kama mapacha. Ulizeni katika mzunguko wa kwanza: “katika mwaka uliopita umewahi kununua chanjo kwa hela yako?” Mkikuta kaya 11, andikeni 11.

Kalenda nayo ina mtego. Chanjo inarudiwa kila baada ya miezi minne, tuseme Januari, Mei na Septemba. Mradi unaisha Desemba. Lakini miezi 12 kamili ya kulinganisha inatimia Januari inayofuata, na huo ndio mzunguko wa nne, wa kwanza bila fedha za mfadhili. Yaani viashiria viwili kati ya vitatu vinapatikana mwezi mmoja baada ya pazia kufungwa. Ombeni mapema ripoti ya mwisho ipokelewe mwishoni mwa Februari, na posho ya wachanjaji kwa siku hizo itengwe tangu sasa. Kwa sababu mnahesabu kaya zote, mpotoko wa sampuli haupo, na mnaweza kuweka lengo dogo la kweli: tuseme kutoka kaya 11 hadi 60 zinazolipa.

Wachanjaji waambiwe pia waandike tarehe ya kila kifo wanachosikia. Kuku aliyekuwa tayari na virusi siku ya tone atakufa siku chache baadaye, na kijiji kitasema sindano imemuua, ingawa hakuna aliyechomwa sindano. Daftari lenye tarehe litaonyesha kama vifo vimejikusanya ndani ya wiki mbili za kwanza, kabla kinga haijakamilika, au vimekuja baadaye. Vikija baadaye, kagueni kwanza namna chanjo ilivyotunzwa na siku ilizokaa baada ya kufunguliwa.

Mshauri mnaweza kumlipa siku mbili: moja ya kupitia fomu ya daftari kabla ya Januari, nyingine ya kuwakagua wachanjaji wakijaza. Kama mfadhili bado anashikilia utafiti wa sampuli, mpelekeeni hesabu ya pointi 14 mkamuulize ni tofauti ipi anayotarajia kuiona.