Mafuta ya kichwani kwa mtoto mchanga: yakishapakwa, yaoshwe

Mwanangu wa pili alipofikisha wiki tano, utosi wake ulikuwa umefunikwa na magamba ya manjano yenye mafutamafuta, mithili ya uji uliokaukia pembeni mwa sufuria. Tulikuwa Tanga, mwezi wa Februari, joto kali usiku na mchana. Mama mkwe alikuwa amekuja kunitazama uzazi. Kila asubuhi na jioni alimimina mafuta ya nazi kiganjani, akampaka "mume wangu" kichwa kizima mpaka kinang'aa, kisha akamvisha kofia ya sufu. Baada ya siku kama kumi magamba yalikuwa mazito zaidi, na vipele vidogo kama punje za ulezi vimetokeza kwenye paji la uso, pale kofia inapoishia, na kwenye mikunjo ya shingo.

Jirani akaniambia nazi ndiyo mbaya, nimpake zeituni. Nikanunua chupa ndogo kwa bei kubwa. Ndani ya siku nne ngozi ya nyuma ya masikio ikawa nyekundu na inameguka. Nikampeleka kliniki, na muuguzi aliyemtazama akaniuliza swali moja tu: "Mama, hayo mafuta huwa mnayaosha?" Hatukuwa tunayaosha. Alikuwa akioga mwili, kichwa kinapanguswa kwa kitambaa, kisha anapakwa tena juu ya mafuta ya jana.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: magamba ya kichwa cha mtoto yanahitaji mafuta kwa muda wa robo saa, hayahitaji kulala nayo. Magamba haya hayatokani na uchafu wa mama wala hayaambukizi. Homoni za mama zinazobaki mwilini mwa mtoto baada ya kuzaliwa huchochea tezi za ngozi ya kichwa kutoa mafuta mengi, na kuna kuvu iitwayo Malasezia, inayoishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu, ambayo chakula chake ni mafuta hayo. Ukipaka mafuta ya mimea na kuyaacha, unaiongezea chakula. Ndiyo maana tulikuwa tunapaka kwa bidii na magamba yanazidi.

Kwa hiyo nazi haikuwa na kosa la peke yake. Kati ya mafuta tunayoyapata kwa urahisi, mafuta ya nazi safi bado ni mapole kwa ngozi ya mtoto, na ya alizeti pia; haya ya alizeti yana asidi ya linoleiki kwa wingi, inayosaidia ngozi kujikinga. Zeituni ndiyo ningeiacha jikoni. Ina asidi ya oleiki kwa wingi, na hiyo hulegeza ule utando wa nje unaoizuia ngozi isikauke. Ngozi ya mtu mzima inaweza kustahimili. Ya mtoto wa wiki tano ni nyembamba mno. Mafuta meupe ya chupa ya watoto, yaliyo kama maji, yanafaa vilevile mradi hayana manukato, na yana faida moja: kuvu haiwezi kuyala. Ya nyonyo ni mazito na hayaoshiki kirahisi. Ya karanga siyatumii kabisa kwa mtoto, kwa sababu ya mzio.

Anayekamua nazi yake nyumbani nina neno naye. Mafuta yaliyoepuliwa mapema hubaki na maji ndani, na baada ya siku chache huchacha. Tui lichemke mpaka mapovu yaishe na ile sauti ya kutatarika ikome, kisha uchuje kwa kitambaa safi. Ukifungua chupa ukasikia harufu kali ya kuchacha, usimpake mtoto.

Muuguzi alinionyesha kipimo kwa kijiko cha chai: nusu yake, isizidi, kwa kichwa kizima. Kwa magamba ya utosini peke yake matone matano yanatosha. Kwanza nilimpaka tone moja ndani ya mkono, nikangoja mpaka kesho yake nione kama pangewasha au kuwa pekundu. Palipokuwa salama nikaendelea. Nilipaka kwa ncha za vidole, sikutumia kucha, nikamlaza kifuani bila kofia kwa dakika kumi na tano hivi. Kisha nikachukua brashi laini ya nywele za mtoto nikasugua kwa mizunguko midogo. Utosi usiuogope, ngozi yake ni imara ya kutosha kuguswa taratibu, ila usiukandamize. Gamba linalotoka lenyewe liache litoke. Lililoshika usilibandue, kwa kuwa chini yake patabaki kidonda. Baada ya hapo nikaosha kwa shampuu ya watoto kidogo, nikasuuza mara mbili huku nimemkinga macho.

Kujua kama mafuta yametoka, kausha kichwa kisha kandamiza kipande cha karatasi laini ya chooni juu ya utosi kwa muda mfupi. Ukiiinua kwenye mwanga ukaona doa linalopenyeza mwanga, mafuta bado yapo, suuza tena. Mara ya kwanza doa langu lilikuwa na upana wa sarafu ya shilingi mia mbili.

Tulifanya hivyo siku moja, inayofuata tukaacha. Kofia ya sufu ikavuliwa mchana. Vipele vya paji la uso viliisha ndani ya siku tatu bila kupakwa kitu, kwa sababu ilikuwa harara tu: jasho limezibiwa njia na mafuta na kofia. Harara haitibiwi kwa mafuta ya aina yoyote. Hewa na maji ya kawaida vinatosha. Magamba yalichukua wiki mbili kulegea, mengine yakitoka na nywele, nazo zikaota tena.

Mama mkwe hakufurahi mwanzoni. "Mwanangu, sisi tumelea hivi." Nikamwambia, "Mama, tunapaka vilevile, ila tunaosha." Baada ya wiki alikuwa yeye ndiye anayeshika brashi.

Kuna hali ambazo mafuta huwekwa kando kabisa. Mtoto mwenye magamba ya kawaida hunyonya na kulala vizuri, hayamwashi. Akiwa anajisugua kichwa begani kwako, analia usiku, na mashavu yamekauka na kuparara, huenda ni ukurutu, na huo una matibabu yake. Ngozi ikitoa majimaji, usaha au harufu, ikivimba au ikiwa ya moto ukiigusa, bakteria wameingia; mafuta hapo yatazidisha tatizo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi hasubiri hata asubuhi.

Magamba yalipoisha, mwanangu alibaki na mabaka meupe kichwani na kwenye nyusi. Kwa ngozi yetu nyeusi hilo ni la kawaida, ingawa lilinitia hofu. Dukani niliuziwa tyubu ya krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, nikaambiwa nipake mara mbili kwa siku. Sikupaka. Kwa mtoto mdogo krimu hiyo huipunguza ngozi unene, na isitumike bila daktari kuagiza. Mabaka yalichukua karibu miezi miwili, rangi ikarudi yenyewe.