Kitanda Kisicholia

Shemeji yangu hutengeneza vitanda Kibuye, Kisumu. Tovuti yake aliandikiwa na kijana fulani kwa malipo ya stuli mbili, na ukurasa wa Kuhusu Sisi ulianza hivi: "Sisi ni kampuni inayoongoza kwa suluhisho la mahitaji yote ya nyumba yako." Wa kwanza kupiga simu alitaka mfanyakazi wa nyumbani. Wa pili sinki lake lilikuwa limeziba.

Nikaitwa kuokoa jahazi. Kila sentensi niliisoma nikiweka jina la jirani yake, muuza sufuria, mahali pa lake. Ikiwa bado inaingia akilini, nafuta. Ikabaki nambari ya simu.

"Shemeji, unaahidi nini ambacho mteja anaweza kuja kukudai?"

Akatazama huku na huku, kana kwamba mama mkwe yuko karibu. "Kitanda changu hakilii usiku."

Hapo sasa! Ila maneno hayo hata mwenye misumari mitatu na mbao mbichi atayasema, kwa hivyo tulihitaji ushahidi. Shemeji akanieleza: ubao mbichi hukaukia ndani ya nyumba, ulimi wa kiungo husinyaa ndani ya tundu lake, ukaanza kucheza, na huko kucheza ndiko kulia kwenyewe. Tukapiga picha mbili. Moja ya kipimo cha unyevu kikiwa kimechomekwa kwenye ubao, kinasoma asilimia 12. Nyingine ya ulimi uliobana hata kabla ya gundi, unasukumwa tunduni kwa nyundo ya mbao. "Ubora wa hali ya juu" hatukuandika popote.

Ili mteja amsikie mwenyewe, nikanakili alivyotamka: "Bei sipunguzi. Chai nakupa. Kikilia ndani ya miaka 2, piga simu, nakuja kukaza bure."

Simu ikaja usiku wa manane, kutoka Mbale. Kinalia.

Asubuhi tukapanda matatu na nyundo yetu. Mzee mwenye kitanda akakikalia. Kimya. Akajilaza. Kimya.

"Baba, geuka vile unageukaga," mkewe akasema kutoka mlangoni.

Mzee akageuka. Kriii!

Shemeji akaondoa godoro, akajilaza juu ya mbao tupu, akagaagaa. Kimya. Akalirudisha godoro: kriii! Godoro la springi, urithi wa nyanya.

"Mliandika kitanda," mzee akang'aka. "Kwani mimi hulalia mbao?"

Palepale nikatoa simu, nikaongeza kwenye ukurasa: "Ahadi ni ya mbao na viungo. Godoro halimo." Nikamsomea mzee. Akanuna, lakini akakubali.

Mkewe ndiye aliyetuzuia mlangoni. "Vijana, na huyu anavyokoroma, hapo mmeandika nini?"