Nyonga inabana chini kwenye skwati: upanue miguu au upunguze kina?

"Nikishuka skwati nikifika karibu na chini nyonga ya kulia inanibana kwa mbele, pale paja linapokutana na kiuno, nikipanda inaacha. Wengine wananiambia panua miguu, wengine wananiambia usishuke sana. Nifuate nani?"

Kila upande hapa una hoja na kila upande una mahali unapokosea, ila kwanza tuelewane kinachobana ni nini. Ukishuka, mfupa wa paja unakunjwa kuja mbele kuelekea kiunoni, na juu kabisa mfupa huo una kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye kikombe cha nyonga, na chini ya kichwa kuna shingo. Ukikunja sana, shingo inakaribia ukingo wa mbele wa kikombe na vilivyopo katikati vinaminywa. Ndiyo maana maumivu yanakuja kwa mbele kwenye kinena na yanakuja chini tu. Na kinachoyaleta mapema zaidi ni paja kukunjwa huku goti linaelekea ndani, yaani miguu karibu, vidole vimenyooka mbele, magoti yanakutana njiani.

Hapo ndipo wale wa kupanua miguu wana nguvu. Paja likifunguka nje, shingo ya mfupa inapita pembeni ya ule ukingo badala ya kuugonga, kwa hiyo unapata sentimita kadhaa za kushuka ambazo hukuwa nazo. Kuanzia upana wa mabega, sogeza kila mguu nje kidogo, kama nusu ya upana wa kiatu, halafu geuza vidole nje nyuzi 15 hadi 30. Ila sasa, na hapa watu wengi sana wanapotea, vidole vikigeuka lazima goti lifuate njia ya vidole, ukigeuza nyayo peke yake magoti yakabaki yanaangalia mbele nyonga haijafunguka hata kidogo, umeisokota tu goti na kesho utakuja kuuliza habari za goti. Simamisha simu mbele yako urekodi, ukishuka goti liwe juu ya kidole cha pili au cha tatu cha mguu.

Tatizo la upande huu ni kufanya upana kuwa dawa ya kila mtu. Nyonga hazifanani, kuna ambao kikombe chao kinaangalia mbele zaidi na kuna ambao shingo ya paja imepinda kivyake, kwa hiyo mtu mmoja anapumua kwa miguu mipana na mwingine akipanua sana anaanza kubanwa pembeni ya nyonga badala ya mbele, au anavutwa kwenye misuli ya ndani ya paja akadhani ni tatizo lile lile. Wapo hata wanaojisikia vizuri miguu ikiwa karibu na vidole vimenyooka. Usimuige mtu wa jim mwenzako kwa sababu anashuka mpaka chini, huo mfupa si wako.

Wale wa kupunguza kina nao wana kitu cha kweli: kama mfupa unafika kwenye mfupa hakuna kunyoosha kutakakoondoa hiyo, na kulazimisha chini ya pale panapobana ni kuchokoza sehemu ile ile kila repu. Ukishuka mpaka paja likaribie usawa wa sakafu, misuli ya mapaja inafanya kazi kubwa tu. Shida ni kwamba wanakata kina kabla hawajaangalia kwa nini kimeisha mapema, na mara nyingi kimeisha kwa sababu ya namna mtu anavyoshuka.

Mfano mzuri ni kubinua kiuno. Mtu kafundishwa "kifua juu, matako nyuma", basi anaanza skwati kiuno kimebinuka kama kilo themanini ziko kwenye mgongo wa chini. Kiuno kikibinuka, kikombe cha nyonga kinainama mbele juu ya paja, yaani ameanza safari nafasi imeshaliwa. Mbavu zishushwe, tumbo likazwe, kiuno kikae katikati, bila kubadilisha mguu hata sentimita moja, na wengine mbano unasogea chini kabisa. Chuma kuwekwa chini sana mgongoni nako kunamlazimisha mtu kuinama mbele, na kuinama ni kukunja nyonga zaidi.

Sasa utajuaje wewe ni yupi? Piga magoti na mikono chini bila uzito wowote, mgongo umetulia, halafu rudisha matako nyuma kuelekea visigino. Fanya magoti yakiwa karibu, kisha upana wa nyonga, kisha mapana zaidi, na nyayo zikiwa zimefunguka au zimenyooka, uone ni wapi unarudi mbali zaidi kabla ya kubana au kabla kiuno hakijajikunja ndani. Ukipata nafasi inayofungua wazi, tatizo ni mkao, na mkao huo ndio unaanzia nao kwenye skwati. Kama kila upana unabana mahali pale pale hata bila uzito, basi wale wa kupunguza kina wamekushinda, kubali tu.

Chukulia mtu anayebeba kilo 80, chuma kiko chini mgongoni, miguu upana wa mabega, vidole mbele, anabanwa kulia paja likiwa juu kidogo ya usawa. Akipima kwa magoti anakuta magoti mapana kidogo na nyayo zilizofunguka zinampa nafasi nzuri. Mimi ningeshusha mzigo hadi dambeli moja ameishikilia kifuani, kwa sababu uzito wa mbele unamsaidia kukaa wima, miguu nje kidogo, vidole nyuzi 20 hivi, visigino juu ya sahani ndogo za uzito zenye unene wa sentimita 2 kama kifundo chake ni kigumu. Boksi liwe nyuma yake, urefu wake ni pale mbano ulipoanza ukiongeza sentimita 3 au 4, aguse tu asikae. Seti 3 za repu 8, kushuka kwa sekunde 3. Badilisha kitu kimoja kwa siku, ukibadilisha upana na vidole na kisigino pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Kama hakuna mbano na kesho yake nyonga iko kimya, shusha boksi kidogo wiki inayofuata, halafu arudi kwenye chuma, ila skwati ya mbele kwanza na siyo ile ya chini mgongoni. Mbano ukirudi kwenye urefu ule ule kila mara hata mzigo ukiwa mdogo, kina chake ndiyo hicho, afanye kwenye boksi na ajaze mapaja kwa skwati ya mguu mmoja mbele mmoja nyuma, ambapo unaweza kukaa wima na kuchagua kina kila upande, maana kulia na kushoto si lazima zishuke sawa.

Kitu ambacho nakataa kabisa ni kule kuvuta goti kifuani kwa nguvu eti unalainisha. Unakunja palepale panapominywa, unaona kama inalegea kwa dakika mbili kisha inakasirika jioni.

Na kuna hali ambazo si za kubishana miguu: maumivu yanakuamsha usiku, unachechemea, nyonga inakwama au inanasa, au inauma hata ukikaa kwenye kiti na haitulii ndani ya wiki chache za kupunguza. Hiyo ni kwa daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba. Ukipigwa picha ukaambiwa mfupa una umbo la kugongana usitetemeke papo hapo, watu wengi wana umbo hilo na hawaumwi chochote, picha inasomwa pamoja na dalili zako na vipimo vya kukunja nyonga.