Mpambe wa suti nyeupe

"Kulikuwa na bwana mmoja mfupi sana, suti nyeupe, mpambe wa tajiri kisiwani. Ana neno lake analipigia kelele. Humjui?"

Mjomba wangu alisoma Marekani mwanzoni mwa miaka ya themanini, na fumbo hili alirudi nalo kutoka huko. Tulikuwa barazani baada ya futari. Nilijibu bila hata kuweka kikombe chini: huyo ni Nick Nack, mtumishi wa muuaji Scaramanga katika filamu ya James Bond ya mwaka 1974, *The Man with the Golden Gun*. Mfupi yumo, suti ipo, tajiri yupo na kisiwa kipo. Nikamwonyesha picha kwenye simu.

Mjomba akaivuta karibu, akaisogeza mbali, kisha akasema jambo lililonikera usiku kucha: "Sura ndiye. Lakini si yeye."

Kosa langu ndilo kosa la wengi wetu tunaopenda kutegua mafumbo ya namna hii. Tunapewa sifa nne, zote zinaingia, tunafunga kesi. Hatujiulizi kama sifa hizo zina uzito wowote. Mpambe wa kuvaa suti kwenye sinema? Wamejaa. Tajiri mwenye kisiwa chake? Sinema za ujasusi haziendi bila yeye. Sifa pekee yenye thamani katika maelezo ya mjomba ilikuwa zile kelele, nami ndiyo niliyoiruka, kwa sababu Nick Nack hana neno analolirudiarudia. Anachosubiri yeye ni bwana wake auawe ili arithi mali.

Kesho yake nikarudi kwa mjomba. Sikumuuliza neno lenyewe lilikuwaje. Maneno ya mtu wa sinema yakikaa kichwani miaka arobaini hubadilika, na mara nyingi huhama kinywa: mtu anakupa kwa uhakika kabisa usemi wa mpambe, kumbe aliyeusema ni bosi. Nilimuuliza alilisema *lini*.

"Mwanzo kabisa. Kila wiki. Anapanda juu, anapiga kengele, anaonyesha kidole angani."

"Angani kuna nini, mjomba?"

"Si ndege! Inaleta wageni. Inatua majini."

Hapo nikajua. Mpambe anayepanda mnara, akapiga kengele na kupaza sauti "Ndege! Ndege!" ni Tattoo, wa tamthilia ya *Fantasy Island* iliyorushwa na ABC. Filamu yake ya kwanza ya televisheni ilitoka 1977, na tamthilia ikaendelea hadi 1984. Wageni wanafika kwa ndege ya majini, kila mmoja na ndoto anayotaka itimizwe, na mwenyeji wao ni Bwana Roarke, aliyeigizwa na Ricardo Montalbán. Nikauliza swali moja la kuhakikisha: huyo tajiri naye alivaaje? "Nyeupe vilevile," akasema mjomba, "kama mapacha wasiolingana." Kwa maoni yangu, swali la mavazi ya bosi lina faida kuliko la mpambe. Suti nyeupe moja ni suti tu, lakini bosi na mpambe wote kwenye nyeupe, hiyo ni sare ya mahali fulani.

Na ile "sura ndiye"? Mjomba alikuwa sahihi kuliko mimi. Tattoo na Nick Nack waliigizwa na mtu mmoja, Hervé Villechaize, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1943. Lafudhi yake ndiyo iliyolifanya neno lile dogo la ndege likae masikioni mwa watu, hata waliolijua kwa kusikia wengine wakimwigiza tu. Ndiyo maana sasa sikubali picha iwe hakimu. Picha inathibitisha mwigizaji. Anayetafutwa ni mhusika, na mwigizaji mmoja anaweza kubeba wapambe wawili wa visiwa viwili, mmoja anakaribisha wageni, mwingine anasubiri urithi.

Mjomba alipoona kipande cha mwanzo wa kipindi alicheka hadi akakohoa. Kisha akaanza kubisha upya: eti "Tabasamu, jamani, tabasamu!" pia lilikuwa neno la yule mfupi. Nikamwambia hapana, hilo ni la Roarke, anawaamuru wafanyakazi wake kabla wageni hawajashuka. Hakukubali. Tukalitafuta, tukalisikiliza mara mbili, akanyamaza kidogo.

"Haya. Na yule Mwingereza mrefu, mnene kidogo, naye alikuwa mpambe palepale. Au nimechanganya na kipindi kingine?"

Hakuchanganya. Villechaize aliondoka kabla ya msimu wa mwisho, na nafasi yake ikachukuliwa na mhusika aitwaye Lawrence, aliyeigizwa na Christopher Hewett.

"Basi huyo," akasema mjomba, akirudisha miwani mfukoni, "ndiye niliyekuwa nimemsahau kabisa."