RF negativu haimaanishi huna baridi yabisi

Mama mdogo alizungushwa miezi tisa kwa sababu ya karatasi moja ya maabara ya RF, kipimo cha damu cha baridi yabisi, iliyoandikwa negativu. Akiamka asubuhi vidole havifungi, nazi haikuniki mpaka saa nne hivi ndo vinalegea, na vifundo vya katikati vimevimba mikono yote miwili, ukivibonyeza ni laini kama unga uliokandwa, ila vile vya karibu na kucha viko poa. Mi naona picha hiyo peke yake ilitosha kumshtua daktari. Akaambiwa hana kitu, ni baridi tu, shika diklofenaki.

Jamani, RF inakosa kama watu 2 au 3 kwa kila 10 wenye ugonjwa, halafu inaweza kusoma pozitivu kwa mtu mwenye homa ya ini au mzee asiye na shida yoyote. Anti-CCP, kipimo kingine cha damu cha ugonjwa huu, ikiwa pozitivu inaaminika zaidi, na yake ilikuja juu sana, lakini hata hiyo ingekuwa negativu huwezi kumrudisha mtu nyumbani na vidole vimemvimba hivyo.

Maana diklofenaki inapoza maumivu tu. Utando wa ndani ya kiungo unaendelea kunenepa, unatambaa juu ya gegedu inayofunika ncha za mifupa na kuutafuna mfupa pale pembeni gegedu inapoishia. Eksirei yake ilionyesha vishimo kabisa, kama panya kapita, na hivyo havizibiki tena.

Kliniki ya pili wakapima damu, ini na figo, wakamwanzishia methotreksati, dawa ya kuutuliza ugonjwa wenyewe, vidonge 4 vya mg 2.5 MARA MOJA KWA WIKI, yeye akachagua Jumapili, na foliki asidi siku nyingine, pamoja na prednisoloni kidogo ya kuvukia maana methotreksati inachukua wiki 6 mpaka 12 kufanya kazi. Sasa duka la dawa wakaandika kwenye bahasha 4x1, yaani kila siku! Binamu yangu ndo alishtuka. Dozi hiyo kila siku inaua uboho, vidonda vya mdomoni vinatokea, damu inashuka, na mtu anaweza kufa. Septrini nayo usiichanganye na methotreksati.

Walimpandisha methotreksati taratibu mpaka mg 20 kwa wiki, prednisoloni ikaondolewa, ila baada ya miezi mitatu vifundo vya mikono bado vimevimba, wakaongeza salfasalazini na haidroksiklorokwini. Kuna ndugu walitaka tukimbilie zile sindano za baiolojia zinazopunguza kinga ya mwili, mi nikakataa, dawa hizo tatu za vidonge pamoja zinawasaidia wengi kwa bei nafuu zaidi, na sindano zenyewe lazima kwanza upimwe TB iliyojificha isije ikaamka.

Siku hizi anakuna nazi saa moja asubuhi. Kidole kidogo cha kulia ndo hakinyooki, hicho kililiwa ile miezi tisa.