Mnapigana na nta, dawa mnaila

Kuna video inazunguka kwenye simu. Mtu anamwagia limau maji ya moto, unatokea utando mweupe, naye anapiga mayowe: "Plastiki! Wanatuua!" Shangazi zangu wote wamenitumia. Utando huo ni nta, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nta hiyo imechanganywa na nini.

Limau likishaoshwa baada ya kuchumwa hupoteza nta yake ya asili, kwa hiyo hupakwa nyingine lisinyauke. Mara nyingi ni karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi, au shelaki, inayotolewa na wadudu (poleni nyinyi msiokula vitu vya wanyama). Haya, nakubali kwa shingo upande: ipo pia nta ya poliethileni, kwa hiyo neno plastiki halikutoka hewani kabisa. Ila nta hizi tumbo haliwezi kuzisaga, zinapita tu.

Ninachokereka nacho ni dawa ya ukungu. Limau linalosafiri wiki kadhaa huota ule ukungu wa kijani, ndiyo maana wapakiaji huliogesha kwa imazalili au thiabendazoli, au huchanganya dawa hizo ndani ya nta yenyewe. Sehemu kubwa hubaki kwenye ganda. Anayekamua maji na kutupa ganda hapati mengi. Anayekwangua ile njano na kuitia kwenye keki anachukua hasa mahali dawa ilipo! EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, limeiweka imazalili katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, kutokana na majaribio ya wanyama waliopewa dozi kubwa. Kijiko kimoja cha ganda kwenye keki ya watu kumi si dozi kubwa, na sitawatisha kama yule wa video.

Basi yaosheni, mtasema. Kuosha kunasaidia, hakumalizi. Mwaka 2017 watafiti wa Massachusetts, Marekani, walilowesha tufaha zenye thiabendazoli kwenye maji ya bekingi soda, wakaondoa takriban asilimia 80. Iliyobaki ilikuwa imeshapenya ganda, na iliyopenya haisuguliki. Hayo yalikuwa matufaha, lakini ganda la limau nalo lina vitundu vidogo na mafuta. Maji ya vuguvugu ya bomba hayayeyushi karnauba, inahitaji zaidi ya nyuzi 80. Mwagia maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde chache, sugua kwa brashi, suuza, kausha kwa kitambaa. Sabuni acha, ganda huinyonya.

Kwa chai au keki hiyo yatosha. Kwa jamu ya maganda, ambapo kilo nzima ya limau inaingia sufuriani na ganda lake lote, mimi nanunua yasiyotiwa dawa baada ya kuvunwa, hata kama yana mabaka. Ulaya sheria inadai dawa hizo zitajwe kwenye kibandiko cha machungwa na malimau. Soma kibandiko hicho kabla ya kuchemsha maji ya kurekodi video.